Yuniti ya mwaka wa kwanza imenifungia ya mwaka wa pili

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Likoni, nasomea shahada ya takwimu hapa Mombasa, niko mwaka wa pili semesta ya pili. Mwaka jana nilianguka Kalkulasi ya Pili, MAT 112. Nilipata 34, nikafanya sapu, ule mtihani wa marudio, nikapata 37, kwa hivyo lazima niirudie darasani.*

*Sasa ni wiki ya pili tangu tufungue. Nikijaribu kusajili Nadharia ya Uwezekano ya Pili, STA 212, potali inakataa na kuandika "Prerequisite not met". Nikiongeza MAT 112 inaandika "Timetable clash", kwa sababu MAT 112 ni Jumanne saa mbili mpaka saa tano asubuhi, na Hifadhidata, COM 214, ni Jumanne hiyohiyo saa nne mpaka saa saba. Yuniti nyingine tano zimekubali. Karo nimemaliza, mkopo wa HELB ulishaingia.*

*Wenzangu wanasema niachane na MAT 112 sasa, nitairudia mwaka wa nne. Mwengine ananiambia niingie tu darasa la STA 212 na kufanya kati, ile mitihani midogo ya ndani ya semesta, jina litaongezwa baadaye. Mwisho wa kuongeza na kuacha yuniti ni Ijumaa ya wiki ya tatu. Sitaki kubaki nyuma, na babangu ameshaanza kuulizia mahafali. Nifanye nini? Nimekutumia na orodha ya yuniti za kozi nzima.*

*Mwanafunzi, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Orodha yako nimeipitia mstari kwa mstari, na ndani yake kuna jambo ambalo wenzako hawakuliona. Kugongana kwa Jumanne ni shida ya semesta hii peke yake. MAT 112 ni shida ya kozi yako yote iliyobaki, na kila semesta unayoiahirisha inakula zaidi ya semesta moja. Kwa hivyo tuanze nayo.

Tazama safu ya mwisho ya ile orodha, ile inayoonyesha yuniti tangulizi. MAT 112 inafungua STA 212. STA 212 inafungua STA 311, ambayo ni ya mwaka wa tatu semesta ya kwanza. STA 311 nayo inafungua STA 411, ya mwaka wa nne semesta ya kwanza. Hizo nne zimefungana, huwezi kuruka hata moja. Na katika idara nyingi, yako ikiwemo kwa jinsi orodha ilivyo, yuniti hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa Januari huipati Septemba, unaisubiri Januari nyingine. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea hesabu: wanadhani wameahirisha semesta, kumbe wameahirisha mwaka.

Chukua ushauri wa wenzako uufuate mpaka mwisho uone unakupeleka wapi. Wamesema mwaka wa nne, lakini hata tukiwahi kidogo, tuseme MAT 112 uirudie semesta ya pili ya mwaka wa tatu. STA 212 itakuja mwaka mmoja baadaye, semesta ya pili ya mwaka wa nne, wakati wenzako wanajiandaa kumaliza. STA 311 itakuwa semesta ya kwanza ya mwaka wa tano, na STA 411 semesta ya kwanza ya mwaka wa sita. Yuniti moja iliyoachwa leo inakupeleka mwaka wa sita. Ukingoja mpaka mwaka wa nne kweli, ongeza mwaka mwengine juu yake.

Sasa tuseme umeirudia MAT 112 semesta hii na STA 212 umeiacha kama potali inavyotaka. Ukipita, STA 212 utaifanya semesta ya pili ya mwaka wa tatu, STA 311 semesta ya kwanza ya mwaka wa nne, na STA 411 inabaki pekee nje, semesta ya kwanza ya mwaka wa tano. Umechelewa kwa semesta moja. Si vizuri, lakini inabebeka.

Njia ya tatu ndiyo ninayotaka uipiganie wiki hii: kufanya MAT 112 na STA 212 pamoja, semesta hii, kwa ruhusa ya maandishi ya idara. Ukipewa na ukazipita zote mbili, unaingia mwaka wa tatu sambamba na wenzako.

Ruhusa hiyo potali haiwezi kukupa. Potali inasoma kitu kimoja tu: je, kwenye rekodi yako kuna alama ya kupita ya MAT 112? Hakuna, basi inafunga. Anayeweza kuifungua ni mwenyekiti wa idara, na vyuo vingine humtaka apate saini ya mkuu wa kitivo pia. Kanuni za mambo haya huwekwa na seneti ya kila chuo, kwa hivyo fungua kijitabu cha mwanafunzi cha chuo chako usome kifungu cha usajili wa yuniti kabla ya kwenda ofisini. Kuna vyuo visivyoruhusu kabisa yuniti na tangulizi yake zifanywe pamoja. Kama chako ni kimojawapo, usipoteze siku tatu ukibembeleza, shika njia ya pili mara moja.

Kama kinaruhusu, una hoja nzuri, nawe uitumie. Mwanafunzi aliyepata 12 hana la kumwambia mwenyekiti. Wewe ulipata 34 na sapu ukapata 37, na alama ya kupita katika vyuo vyetu vingi ni 40. Maana yake sehemu kubwa ya somo unaijua. Andika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya mafaili yao: jina na namba ya usajili, yuniti mbili kwa misimbo yake, alama zako zote mbili za MAT 112, na ule mfululizo wa yuniti nne nilioueleza hapo juu, uonyeshe wazi kwamba ukikataliwa utamaliza semesta moja nyuma. Ambatisha matokeo uliyoyachapisha kutoka kwenye potali. Na kabla ya kuipeleka kwa mwenyekiti, nenda kwa mhadhiri wa STA 212 umwombe aandike chini yake kwamba hana pingamizi. Barua iliyo na mkono wa mhadhiri tayari haizungushwi sana ofisini.

Mhadhiri huyo atakuuliza swali moja, nami nakuuliza kabla yake: kuunganisha, yaani kutafuta intigrali, unakujua? STA 212 haiombi kalkulasi kwa ajili ya kukusumbua. Mkifika kwenye vigeu nasibu endelevu, kila uwezekano ni eneo chini ya mkunjo, na eneo hilo hulipati bila intigrali. Wastani ni intigrali, vigeu viwili kwa pamoja ni intigrali juu ya intigrali. Darasa la MAT 112 litafika kwenye mbinu za kuunganisha kwa mwendo wake, lakini STA 212 haitawangoja. Kwa hivyo ukipewa ruhusa, tangulia mwenyewe wiki hizi mbili: kuunganisha kwa sehemu, kuunganisha kwa kubadilisha kigeu, na intigrali zenye mpaka usio na mwisho. Hizo tatu ukiziweza, STA 212 utaifuata. Kama hapo ndipo ulipoangukia mwaka jana, mwanangu, kuwa mkweli na nafsi yako, uchukue njia ya semesta moja nyuma. Kuanguka zote mbili kwa mpigo kutakurudisha palepale ulipo leo, ukiwa umepoteza mwaka mzima.

Tuje kwenye Jumanne. Hifadhidata inafundishwa na idara ya kompyuta, na somo kama hilo mara nyingi huhudumia kozi kadhaa. Kabla ya kuamua chochote, tazama ratiba kuu ya kitivo, siyo ile ya darasa lako pekee, utafute COM 214 kama ina kundi jengine. Msimbo ni uleule, mtihani ni uleule, lakini siku ni nyengine. Likiwepo, mratibu wa ratiba wa idara hiyo anaweza kukuhamisha kundi na mgongano ukaisha bila kuacha yuniti.

Kama hakuna kundi la pili, usishawishike kuomba usajiliwe zote mbili kwa hoja ya kwamba zinagongana kwa saa moja tu. Wanafunzi hufanya hivyo kila mwaka. Semesta ya wiki 14 za masomo kwa saa tatu kila wiki ni saa 42. Ukitoka MAT 112 saa nne kila Jumanne ili kukimbilia Hifadhidata, umekosa saa 14, umebaki na 28. Vyuo vingi vinataka angalau theluthi mbili ya mahudhurio ndipo uruhusiwe kukaa mtihani, na theluthi mbili ya 42 ni 28 kamili. Yaani umeanza semesta ukiwa umesimama ukingoni. Siku moja ya homa, au asubuhi moja ambayo feri imekwama na foleni imejaa mpaka barabarani, na umeshashuka chini ya kiwango. Tena rejista huzungushwa saa ya mwisho kwa wahadhiri wengi, wakati wewe umeshaondoka.

Iliyobaki ni kuchagua moja ya kuacha, na hapo sina shaka: acha Hifadhidata. Katika orodha yako hakuna yuniti yoyote inayoitaja COM 214 kuwa tangulizi. Haifungi mlango wowote. Utaifanya semesta ya pili ya mwaka wa tatu, ambayo kwa mpangilio wako ina yuniti saba, kwa hivyo utakuwa na nane. Angalia tu ukomo wa chuo chako ni ngapi. Ukiwa ni nane, inaingia.

Na nitaongeza hili, ingawa wengine watanipinga. Ukipewa ruhusa ya kuchukua MAT 112 na STA 212 pamoja, mimi ningeiacha Hifadhidata hata kama kundi la pili lingepatikana. Mbili hizo za hesabu zitakula jioni zako, na ukiongeza ya nane semesta hii hii utakuwa umeondoa nafasi ya kupumua bila kupata faida yoyote ya kuwahi. Ikiwa umenyimwa ruhusa, hapo mambo yanageuka: STA 212 itahamia semesta ya pili ya mwaka wa tatu, na Hifadhidata ikihamia hapohapo utafikisha tisa. Basi kundi la pili ulitafute kwa bidii, uimalize semesta hii.

Huyo rafiki anayekwambia uingie STA 212 bila kusajiliwa, mwambie ahsante, lakini usimfuate. Orodha ya mahudhurio na orodha ya kuwekea alama hutolewa kwenye mfumo kutokana na waliosajiliwa. Mhadhiri atakusahihishia kati, atakuandika kwa kalamu chini ya orodha, na siku ya kuingiza alama hakuna mstari wenye jina lako wa kuziingizia. Hivyo ndivyo alama nyingi zinazoitwa zimepotea zinavyopotea. Mwanafunzi anakuja kuzitafuta mwaka wa nne, mhadhiri ameshahama chuo, na karatasi iliyokuwa na jina lake kwa kalamu haijulikani iko wapi.

Kosa la upande wa pili linafanana nalo. Kuacha kuhudhuria si kuacha yuniti. COM 214 ikibaki kwenye usajili wako baada ya ile Ijumaa, mfumo utakuhesabu kuwa mwanafunzi wake, na usipotokea mtihani utaandikiwa kuwa umekosa au umeanguka. Lazima uiondoe kwenye potali na uone imeondoka.

Namna ya kufanya siku yenyewe. Usianze kwa kuondoa. Nenda kwanza kwa mwenyekiti na barua yako, Jumatatu ya wiki ya tatu isipite. Ukishapata jibu, kaa mahali penye mtandao wa kuaminika, ufanye yote kwa mkao mmoja: hifadhi au chapisha usajili ulivyo sasa, ondoa COM 214, kisha ongeza MAT 112. Mfululizo huo ni wa lazima kwa sababu potali haitakubali MAT 112 wakati COM 214 bado ipo. Unapoiongeza, tazama sehemu ya aina ya usajili. Mifumo mingi inaweka "Normal" yenyewe, na wewe unatakiwa uchague "Retake". Ukiiacha "Normal", alama mpya inaweza kukataliwa kwa kuwa kuna ya zamani kwenye rekodi, au ikaingia mahali pasipo pake. STA 212 mwenyekiti au afisa wa usajili ndiye atakayekufungulia kutoka upande wake, kisha wewe uichague.

Ukimaliza utaona mstari kama huu:

```
MAT 112    Retake    Pending
```

Wengi huuona wakafunga simu wakaenda zao. "Pending" maana yake umeomba, hujasajiliwa. Mpaka iandike "Approved", huna yuniti. Na hapa ndipo Ijumaa inapowadanganya watu. Soma tangazo la msajili wa masomo uone tarehe hiyo ni ya mwanafunzi kutuma au ya idara kuidhinisha. Kama ni ya kuidhinisha, ukituma Ijumaa saa kumi jioni wakati mwenyekiti ameshaondoka tangu swala ya Ijumaa, ombi lako linafungwa likiwa bado linasubiri. Angalia na saa yenyewe. Potali ikiandika 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Ikiandika Ijumaa 12:00 AM, hiyo ni saa sita ya usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi usiku, na Ijumaa ukiamka mlango umeshafungwa. Wewe jiwekee Jumatano kuwa mwisho wako, Alhamisi uwe unafuatilia idhini ofisini.

Ikishasoma "Approved", chapisha karatasi ya usajili, uipige picha pia, na wiki ya nne mwombe kila mhadhiri wa MAT 112 na STA 212 akuonyeshe jina lako kwenye orodha yake. Wakati mwengine potali inaonyesha sawa na orodha ya mhadhiri ilichapishwa kabla yako. Ni rahisi kurekebisha wiki ya nne, ni vigumu sana wiki ya 12.

Bado kuna mgongano mmoja ambao potali haitakuonya. MAT 112 utaifanya na mwaka wa kwanza, kwa hivyo mtihani wake utapangwa kwenye ratiba yao, siyo ya darasa lako, na anayepanga hana habari kwamba kuna mtu aliye kwenye zote mbili. Rasimu ya ratiba ya mitihani ikibandikwa, tafuta MAT 112 kwenye ya mwaka wa kwanza na hizo nyingine kwenye ya mwaka wa pili. Zikiangukia siku moja na saa ileile, peleka maandishi kwa mratibu wa mitihani wa idara siku hiyohiyo, pamoja na nakala ya karatasi ya usajili, wakati bado ni rasimu na inaweza kusogezwa.

Babako mweleze hesabu ya zile yuniti nne kabla hujaenda kwa mwenyekiti. Mwonyeshe kwenye orodha, semesta kwa semesta, ili jibu litakalotoka ofisini, la ruhusa au la kukataliwa, alipokee akijua tayari maana yake kwa tarehe ya mahafali.